Muamala Uliokwama na Akaunti ya Simu Iliyofungwa: Fedha Ziko Wapi, na Zifunguliwe Vipi

(Mazungumzo kwa wafanyabiashara na wakazi wa kata, yaliyotolewa katika mkutano wa hadhara sokoni)



Tangu malipo ya Halmashauri yalipoanza kufanyika kwa namba maalumu ya malipo, ile ambayo wengi sokoni huiita kontro namba, pango la kizimba, ada ya leseni na ushuru hulipwa kwa simu mtu akiwa amekaa mahali pake pa biashara. Hilo limepunguza safari za makao makuu ya wilaya. Lakini limeleta swali jipya ambalo kila wiki hufika kwenye dirisha la mapato na kwa Afisa Mtendaji wa Kata: mtu amelipa, fedha zimekatwa, stakabadhi haikuja, na anapojaribu tena simu inamwambia akaunti imefungwa au kiwango kimezidi. Siku ya mwisho ya kulipa imefika, na mlipaji hajui kama anadaiwa au hadaiwi.

Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo moja. Na ili lieleweke, ni vyema kulifuata katika mkasa wa mtu mmoja, mama mwuza mchele, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa. Mkasa wenyewe umetungwa kwa ajili ya mazungumzo haya kutokana na matatizo ya aina inayojitokeza mara kwa mara, na takwimu zake ni za mfano.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Mama huyo alikuwa na shilingi 4,100,000 katika akaunti yake ya simu, fedha alizokusudia kununulia mpunga Jumamosi. Kesho yake, Ijumaa, ilikuwa siku ya mwisho ya kulipa pango la kizimba, shilingi 240,000. Wakati huohuo mteja wake wa Dar es Salaam alikuwa anamtumia shilingi 1,800,000 za mchele kutoka akaunti yake ya benki.

Mama akaanza na pango. Aliingiza namba ya malipo, jina la Halmashauri likatokea, kiasi kikatokea, akaweka namba ya siri. Simu ikajibu kwamba ombi lake linashughulikiwa. Akasubiri dakika kumi. Hakuna ujumbe mwingine. Akiwa bado anasubiri, mteja wa Dar es Salaam akapiga: benki imekwisha kukata shilingi 1,800,000, je, zimefika? Hazikufika. Mama akaingia kwenye menyu kuangalia salio, mikono ikitetemeka, akakosea namba ya siri. Akakosea tena. Mara ya tatu simu ikamwambia huduma imefungwa.

Kufikia hapo, mtu huyo ana mafundo matatu kwa pamoja, na yeye anayaona kuwa ni moja: "fedha zangu zimeliwa." Hazijaliwa. Lakini kila fundo lina mahali pake pa kufunguliwa, na yakifunguliwa kwa mpangilio usio sahihi, huzaa la nne.

Fundo la kwanza ni namba ya siri. Hili ndilo la kuanza nalo, kwa sababu bila namba ya siri hakuna salio litakaloonekana wala fedha zitakazohamishwa. Namba ya siri inapokosewa mara kadhaa mfululizo, mtandao hufunga mlango wa kutoka. Akaunti yenyewe haifutwi, na salio hubaki palepale lilipokuwa.

Ni muhimu kutochanganya kufungwa huku na kule kwa laini. Laini inapofungwa, simu hudai PUK kabla haijashika hata mtandao, na huwezi kupiga wala kupokea. Mama mwuza mchele aliweza kuzungumza na mteja wake bila shida. Laini yake ilikuwa nzima. Kilichofungwa ni huduma ya fedha peke yake. Mtu anayekwenda dukani kubadilisha laini kwa sababu amekosea namba ya siri ya fedha amejiongezea gharama na safari, na bado ataambiwa aweke namba ya siri mpya.

Njia ya kufungua ni kupiga simu huduma kwa wateja ya mtandao husika, ambayo kwa mitandao mikubwa nchini ni namba 100, kwa kutumia laini ileile yenye tatizo. Mhudumu atauliza mambo ya kumtambua mwenye akaunti: namba ya kitambulisho cha Taifa, jina kamili kama lilivyosajiliwa, pengine kiasi cha salio kwa makadirio, na mtu wa mwisho uliyemtumia fedha. Kwa hiyo kaa na kitambulisho mkononi kabla ya kupiga. Majibu yakilingana, atafuta namba ya siri ya zamani na utaelekezwa kuweka mpya wewe mwenyewe kwenye simu yako.

Hapo pana mpaka ambao haupaswi kuvukwa kwa sababu yoyote. Mhudumu wa kweli hahitaji kuijua namba yako ya siri, ya zamani wala mpya. Mtu aliyekwama hutafutwa sana na matapeli, na wengine hupiga dakika chache tu baada ya mtu kulalamika hadharani kwenye kibanda cha wakala, ambako kila aliyesimama foleni amesikia. Mtu akikupigia yeye kwanza, kwa namba ya kawaida ya simu, akisema ametoka huduma kwa wateja na anataka namba ya siri ili "auachie muamala", kata simu. Namba yake inaweza kuripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Wapo watakaopiga 100 na kuambiwa kwamba hawatambuliki. Sababu ya kawaida ni kwamba laini haikusajiliwa kwa jina lao. Alisajili kaka, au mume wa zamani, au kijana aliyekuwa akiuza laini barabarani. Laini kama hiyo hufanya kazi vizuri kwa miaka, mpaka siku fedha zinapokwama. Siku hiyo mtandao humtambua mwenye kitambulisho na alama za vidole, hata kama yeye hajawahi kuishika simu hiyo. Kila mtu anaweza kupiga *106# sasa hivi akaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ikiwa laini unayowekea mtaji wa biashara haimo, usiendelee kuweka fedha humo. Nenda dukani kwa mtandao wako na kitambulisho ukaombe utaratibu wa kuihamishia kwako. Na ikibidi, nenda na yule aliyeisajili, maana yeye ndiye mwenye sauti mbele ya mtandao.

Mama mwuza mchele alikuwa amesajiliwa vizuri. Baada ya kushikilia simu kwa muda aliweka namba mpya, akaingia tena. Hapo akafanya jambo la maana kuliko yote jioni ile: hakulipa tena pango. Aliangalia salio kwanza.

Salio lilisema shilingi 3,857,000. Kutoka 4,100,000, zimepungua 243,000: pango 240,000 na makato ya shilingi 3,000. Maana yake, pango limeondoka kwake. Kama salio lingebaki 4,100,000, maana yake ingekuwa muamala umekufa kabla ya kuanza, na angeweza kulipa upya bila hofu. Hesabu hii ndogo ya kutoa ndiyo inayotenganisha mtu aliyelipa na mtu ambaye hajalipa, na inafanyika kabla ya kumpigia mtu yeyote. Usitegemee kumbukumbu ya kichwani kuhusu salio la awali. Ujumbe wa muamala uliotangulia huonyesha salio lililobaki baada yake, kwa hiyo usiufute. Kwa muamala uliokwama, menyu ya mtandao ina sehemu ya taarifa fupi ya akaunti inayoonyesha miamala michache ya mwisho na namba ya kumbukumbu ya kila mmoja. Namba hiyo ya kumbukumbu iandikwe kwenye karatasi.

Hilo ndilo fundo la pili, yaani pango lililoondoka lakini halijafika. Fedha zinapolipwa kwa namba ya malipo haziendi moja kwa moja kutoka simu ya mlipaji hadi akaunti ya Halmashauri. Mtandao wa simu hukata kwanza, kisha hupeleka taarifa kwenye mfumo wa Serikali wa malipo, ujulikanao kwa jina la GePG. Mfumo huo hutambua namba, huioanisha na deni, kisha huijulisha Halmashauri kwamba deni limelipwa, na ndipo ujumbe wa stakabadhi unapotoka. Mahali popote katika mnyororo huo mawasiliano yanaweza kukatika kwa muda. Mkato ukitokea mwanzoni, fedha hurudishwa kwa mlipaji. Ukitokea mwishoni, fedha zimefika lakini habari zake zimechelewa. Kwa mlipaji, hali zote mbili zinafanana: salio limepungua na stakabadhi haipo.

Kwa kuwa huwezi kuona ndani ya mnyororo, angalia ncha zake mbili. Ncha moja ni mtandao wako: wape namba ya kumbukumbu ya muamala na uwaulize kama muamala umekamilika, umeshindikana, au bado unasubiri. Usikubali jibu la "subiri tu" bila kujua ni lipi kati ya hayo matatu. Ncha ya pili ni ofisi iliyotoa namba ya malipo. Mhasibu wa mapato akiiingiza namba hiyo ya tarakimu 12 kwenye mfumo, ataona kama deni limefungwa au bado liko wazi. Hapa wengi hukosea kwa kupeleka picha ya ujumbe wa simu peke yake. Ujumbe wa mtandao unathibitisha kwamba wewe umekatwa; hauthibitishi kwamba deni limefutwa. Kinachotakiwa dirishani ni namba ya malipo na namba ya kumbukumbu ya muamala, zote mbili.

Mama mwuza mchele alifika kwa mhasibu Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi. Deni lilikuwa bado liko wazi. Mtandao nao, alipowapigia, walisema muamala bado unasubiri uthibitisho. Watu wawili foleni wakamshauri alipe tena ili asipigwe faini, "hizo nyingine zitarudi." Ushauri huo ni wa hatari. Ikiwa malipo ya kwanza yatakamilika mchana, fedha hazirudi zenyewe. Zitakuwa zimepokelewa kihalali na mfumo wa Serikali, na kuzirejesha kunahitaji barua, uhakiki na taratibu za fedha za umma, ambazo hazimaliziki kwa siku moja. Wapo ambao huomba namba mpya ya malipo kwa deni lilelile wakiona ya kwanza "imegoma". Hilo ni baya zaidi, kwa sababu namba mbili tofauti zinaweza kulipwa zote mbili bila mfumo kushtuka.

Alichofanya ni kumwomba mhasibu aandike jina lake, namba ya malipo, namba ya kumbukumbu, na saa aliyofika. Kumbukumbu hiyo haibadili tarehe ya mwisho ya malipo, na hakuna afisa mwenye mamlaka ya kuandika stakabadhi ya mkono badala ya mfumo. Lakini inaonyesha kwamba mlipaji alianza kulipa kabla ya siku ya mwisho, na ndicho kitu cha kwanza kitakachotazamwa ikiwa tozo ya kuchelewa itabishaniwa. Saa tano kasoro ujumbe wa stakabadhi uliingia kwenye simu yake. Deni likafungwa.

Kama ingefika jioni bila jibu, njia isingekuwa kulipa mara ya pili kimyakimya. Ingekuwa kuwataka mtandao wautangaze muamala kuwa umeshindikana na warudishe fedha, kisha, baada ya kuona salio limerudi 4,100,000 au karibu yake, kulipa upya kwa namba ileile ikiwa bado haijaisha muda wake. Namba za malipo zina ukomo wa siku. Namba ikiwa imeisha, mfumo utaikataa kabla ya kukata fedha, na hapo tu ndipo inapofaa kuomba nyingine.

Sasa fundo la tatu, lile la mteja wa Dar es Salaam. Hili ndilo linalowachanganya hata wafanyabiashara wakongwe.

Akaunti ya simu ina mipaka ya aina tatu, na maneno yanayotokea kwenye simu hayaitofautishi vizuri. Upo mpaka wa muamala mmoja: kiasi kikubwa kabisa unachoweza kutuma kwa mara moja. Upo mpaka wa siku: jumla ya miamala yako kwa siku nzima. Na upo mpaka wa salio: kiasi kikubwa kabisa ambacho akaunti inaruhusiwa kukishika. Viwango hutofautiana kwa mtandao na kwa daraja la usajili wa mteja, na hubadilika; kwa hiyo kila mmoja awaulize watu wa mtandao wake viwango vyake vitatu na aviandike. Tofauti kubwa ni namna ya kuvivuka. Mpaka wa muamala huvukwa kwa kugawa kiasi. Mpaka wa siku kwa kawaida huisha usiku wa manane, ukisubiri kesho unaanza upya. Mpaka wa salio hausubiriki. Ukilala na akaunti iliyojaa, utaamka nayo imejaa, na fedha zinazoingia zitakataliwa kesho kama zilivyokataliwa leo.

Kwa mfano huu, akaunti ya mama mwuza mchele ilikuwa na mpaka wa salio wa shilingi 5,000,000. Jioni ile, baada ya pango kukatwa, alikuwa na 3,857,000. Zikijumlishwa na 1,800,000 za mteja zinakuwa 5,657,000. Zimezidi kwa 657,000. Mfumo haupokei zile zinazotosha na kuacha nyingine nje. Hukataa fungu lote.

Kama mteja angekuwa anatuma kwa simu ya mtandao uleule, angejibiwa papo hapo kwamba mpokeaji amefikia kiwango, na fedha zisingetoka kwake. Lakini alituma kutoka benki. Benki hukata kwanza, hupeleka upande wa pili, upande wa pili hukataa, na ndipo safari ya kurudi inapoanza. Safari ya kurudi inaweza kuwa ya dakika, na inaweza kusubiri mpaka hesabu za pande mbili zioanishwe siku ya kazi inayofuata. Katika kipindi hicho mtumaji anaapa kwamba ametuma na ujumbe wa benki anao. Mpokeaji anaapa kwamba hajapokea na simu yake anayo. Wote wawili wanasema kweli. Biashara nyingi zimevunjika, na maneno mabaya kusemwa, katika saa hizo chache.

Mteja alitaka kutuma tena usiku uleule. Mama alimzuia, na alifanya vyema. Akaunti ilikuwa bado imejaa vilevile, kwa hiyo shilingi 1,800,000 nyingine zingekwama mahali palepale, na mteja angebaki na 3,600,000 zinazoelea. Wapo pia waliopendekeza fedha zitumwe kwenye laini ya kijana wa dukani, "zipite tu." Mwenye laini ndiye mwenye fedha machoni pa mtandao. Kijana akiwa na deni la mkopo wa simu, fedha zinazoingia zinaweza kukatwa kulipa deni lake kabla hajaziona, na hakuna wa kumlalamikia.

Utaratibu uliofaa ulikuwa kupunguza akaunti kwanza. Alihitaji kutoa angalau 657,000 ili pawe na nafasi, na zaidi kidogo kwa tahadhari. Ijumaa alihamisha shilingi 1,000,000 kwenda akaunti yake ya benki, ikabaki nafasi ya kutosha kabisa. Angeweza pia kuwalipa wakulima wa mpunga moja kwa moja, au kutoa kwa wakala. Lakini kutoa na kuhamisha kote huingia katika hesabu ya mpaka wa siku. Mtu akimaliza mpaka wa siku katika kupunguza salio, anaweza kujikuta hawezi kulipa kontro namba jioni. Kwa hiyo deni lenye tarehe hulipwa kwanza, kisha ndipo salio lipunguzwe.

Hatua ya mwisho ilikuwa ya mteja, si yake. Benki ilithibitisha kwamba 1,800,000 zimerudi katika akaunti ya mteja Jumatatu asubuhi. Hapo ndipo alipotuma upya, na zikaingia mara moja. Kama mteja angekuwa hajaona fedha zikirudi, ni yeye aliyepaswa kuilalamikia benki yake, kwa sababu malalamiko huanzia pale fedha zilipokatwa. Mpokeaji akipiga 100 kuuliza fedha ambazo hazijawahi kuingia kwake, mhudumu hana cha kumwonyesha.

Ipo namna nyingine ya kufungiwa ambayo mkasa wa mama huyu hauna, lakini sokoni huwapata wengi. Fedha zinaingia kutoka kwa mtu usiyemjua, tuseme shilingi 85,000. Baada ya muda mtu anapiga: amekosea, anaomba umrudishie, tena kwenye namba nyingine. Huruma inasema rudisha. Lakini aliyekosea kweli ana njia yake ya kuomba muamala ubatilishwe kwa mtandao wake, na akifanya hivyo kiasi hicho kinaweza kuzuiwa katika akaunti yako huku ukiwa umekwisha kumtumia kwa mkono. Utakuwa umelipa mara mbili. Mjibu kwa adabu awapigie mtandao wake, na wewe piga kwa wako ueleze kwamba unazo fedha zisizo zako na unakubali zirudishwe. Usizitumie. Aliyezitumia na kubisha ndiye ambaye akaunti yake yote hufungwa wakati shauri likichunguzwa, pamoja na mtaji wake halali uliomo humo.

Kufungiwa kwa uchunguzi hakufunguliwi kwa namba ya siri mpya. Dalili yake ni kwamba mhudumu anakutambua vizuri, hupingiwi jina wala kitambulisho, lakini anasema hana mamlaka ya kufungua. Hapo usibishane naye. Mwulize ni kitengo gani kinachoshikilia, ni kiasi chote au sehemu, na kinataka nini kutoka kwako. Kisha nenda duka kuu la mtandao, si kwa wakala wa kibanda, ukiwa na kitambulisho na ushahidi wa chanzo cha fedha: hati ya mauzo, stakabadhi za ushirika, leseni ya biashara, mkataba. Leseni iliyo hai husaidia sana hapa, kwa sababu inaeleza kwa nini mtu wa kijijini anapokea milioni kadhaa kwa wiki. Vielelezo vya biashara ndivyo vinavyotumika pia kuomba akaunti ya daraja la juu au laini ya kupokelea malipo ya biashara, yenye viwango vipana zaidi. Kwa mtu ambaye salio lake hugonga mpaka kila msimu wa mavuno, hiyo inafaa kuliko kuhangaika na laini tatu.

Kuhusu malalamiko yasiyojibiwa: kila unapopiga 100 kuhusu muamala, omba namba ya lalamiko na uandike tarehe, saa na jina alilojitambulisha nalo mhudumu. Bila namba hiyo, simu ya pili huhesabiwa kuwa ya kwanza. Lalamiko lisipopata ufumbuzi kwa maneno, liandikwe kwa barua au barua pepe kwa mtandao au benki husika, nawe ubaki na nakala. Wakishindwa kukuridhisha baada ya hapo, mambo ya fedha zenyewe hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia watoa huduma za malipo na ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Mambo ya laini, usajili na utapeli wa simu hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Benki Kuu itauliza kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma na alijibu nini, na hapo ndipo ile karatasi yako inapopata kazi.

Kwa malipo ya Halmashauri yaliyokatwa na kutoonekana, fika dirisha la mapato au kwa Afisa Mtendaji wa Kata ukiwa na namba ya malipo, namba ya kumbukumbu ya muamala na simu iliyolipia. Jina lililosajiliwa kwenye simu si lazima lilingane na jina la mdaiwa. Mfumo hutambua namba ya malipo, na mtoto anaweza kumlipia mzazi wake bila tatizo. Asiyeweza kufika apige simu ya ofisi ya kata kabla ya siku ya mwisho kupita, maelezo yake yaandikwe kwenye daftari pamoja na saa.